Picha za mahafali ya chekechea: sahihi moja haitoshi

Msimu wa mahafali ya chekechea ukifika hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Iyunga, simu zetu hujaa picha za watoto waliovaa majoho marefu kuliko wao. Nazipenda picha hizo na sitaki zikome. Ninachokipinga ni namna shule inavyojipa ruhusa ya kuzitumia.

Fomu ya kujiunga niliyojaza mimi ilikuwa na sentensi moja iliyobanwa katikati ya maelezo ya ada na sare: mzazi anakubali mtoto apigwe picha kwa matumizi ya shule. Matumizi gani? Picha ya kubandika ukutani darasani, ya kutuma kwenye grupu la wazazi, ya kuweka Facebook na ya kuchapa kwenye bango la matangazo kule Mwanjelwa ni mambo manne tofauti. Mzazi anaweza kukubali mawili ya kwanza na kuyakataa mengine, lakini sentensi ile haimpi nafasi hiyo.

Sheria yetu imekwenda mbali kuliko fomu zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi kabla ya kutumika. Aliyeridhia anaweza pia kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, bila kueleza sababu na bila gharama. Kwa hiyo mshereheshaji anaposhika maikrofoni na kutangaza kwamba asiyetaka mwanawe apigwe picha aseme sasa, hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Nani atasimama mbele ya mashangazi na mabibi waliokuja na mashada ya maua, aseme hataki?

Na wapo wenye sababu nzito ya kutotaka. Chukua mama aliyeondoka Makambako na mtoto wake usiku kwa sababu ya kipigo, akajihifadhi kwa dada yake hapa mjini. Mtoto anaanza chekechea, na siku ya mahafali anapigwa picha ameshika cheti. Baridi ni kali, kwa hiyo chini ya joho lililo wazi linaonekana sweta lenye nembo ya shule. Jina kamili linasomeka kwenye cheti. Nyuma yake kuna bango lenye jina la kata na namba ya simu ya ofisi. Mwalimu, kwa furaha tu, anaandika chini ya picha: hongera kwa binti yetu, tukutane Januari darasa la kwanza hapa hapa. Anayemtafuta mtoto huyo hahitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Ameshapewa sura, jina, mahali na mwezi wa kumkuta.

Watu wengi huhofia alama ya mahali inayofichwa ndani ya faili la picha. WhatsApp huiondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, ingawa ikitumwa kama dokumenti hubaki. Mimi nahofia zaidi kile kinachosomeka kwa macho, maana hicho hakiondolewi na programu yoyote. Dawa yake ni rahisi: cheti kigeuzwe, bango liachwe nje ya fremu, na maelezo yasitaje jina la mtoto.

Nilipomweleza mwalimu mkuu mmoja haya, alinijibu kwa upole, “Mama Baraka, tukianza kumuuliza kila mzazi, mahafali yatafanyika lini?” Nikamwambia, “Mwalimu, msiulize siku ya mahafali. Ulizeni Januari, kwa karatasi ya peke yake, yenye mstari kwa kila matumizi na nafasi ya sahihi mbele ya kila mstari.” Mstari ulioachwa wazi uhesabiwe kuwa hapana. Orodha ya majibu akae nayo mwalimu wa darasa, naye ndiye asimame kando ya mpigapicha siku hiyo.

Jambo moja nasisitiza: mtoto ambaye mzazi wake amekataa picha za mtandaoni asitolewe kwenye mstari mbele ya wenzake. Nimeliona hilo likifanyika, na mtoto alilia. Zipigwe picha mbili za pamoja. Ya kwanza iwe na watoto wote, ichapwe na wapewe wazazi mkononi. Kwa ya pili, watoto ambao wazazi wao wamekataa waitwe mapema kwenda kula keki pamoja na wengine kadhaa walioruhusiwa, ili asijulikane nani ni nani. Hiyo ndiyo iende mtandaoni.

Kufuta baadaye kunasaidia kidogo tu. Admini akiifuta picha kwenye grupu, aliyekwisha kuihamishia kwingine au kupiga picha ya skrini anabaki nayo. Hata hivyo shule inaweza kuzishughulikia zilizo mikononi mwake, na karatasi ile ya Januari ingefaa iseme wazi: nani apigiwe simu mzazi akibadili mawazo, picha itaondolewa ndani ya siku ngapi, na picha za mtoto aliyehama zitakaa kwenye ukurasa mpaka lini.