Ada sifuri, na shilingi 16,000 ambazo risiti haikuzitaja

"Mdogo wangu yuko Marekani. Ametuma dola 200 kwa kampuni inayotangaza kuwa haitozi ada. Hapa Moshi nimepokea 504,000, wakati mtandaoni naona dola moja ni 2,600. Nani amechukua hela yangu?"

Dada, mwombe mdogo wako akutumie picha ya risiti yake. Ujumbe ulioingia kwenye simu yako hautoshi, kwa sababu unataja mwisho wa safari tu. Kwenye risiti za Marekani utafute mistari minne: Transfer Amount, yaani kiasi kilichobadilishwa, Transfer Fees, yaani ada, Exchange Rate, kiwango walichotumia, na Total to Recipient, kile unachopaswa kupokea. Zidisha kiasi kilichobadilishwa kwa kiwango. Kwako 504,000 kwa dola 200 maana yake kiwango kilikuwa 2,520: 200 × 2,520, jibu ni 504,000. Kwa hiyo hesabu ya risiti ni sahihi, na njiani hakuna aliyekata kitu. Hela imeondoka ndani ya ile 2,520.

Ili kujua imeondoka kiasi gani unahitaji kiwango cha kulinganishia. Benki Kuu ya Tanzania huweka kwenye tovuti yake jedwali la viwango vya kila siku, lenye safu za Buying, Selling na Mean. Chukua Mean, wastani wa kununua na kuuza, ya tarehe ileile iliyo kwenye risiti. Wengi huchukua Selling kwa sababu ndiyo kubwa, kisha wanalalamika kupita kiasi. Hiyo ni bei ya anayenunua dola, na wewe hukununua dola. Tuseme Mean ya siku hiyo ni 2,600 kama ulivyoona:

```
(2,600 - 2,520) ÷ 2,600 × 100 = 3.08
200 × 80 = 16,000
```

Hiyo asilimia tatu na kidogo ndiyo faida iliyofichwa ndani ya kiwango. Tofauti ya shilingi tatu au nne kwa dola usiihangaikie, maana soko huyumba ndani ya siku na jedwali hutoka mara moja. Shilingi 80 haziwezi kuelezwa hivyo.

Je, huu ni wizi? Kwa maoni yangu, hapana, na wanaoitetea kampuni wana hoja. Anayebadilisha fedha popote huishi kwa tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Mtu wa Arusha aliyezoea mbao za maduka ya kubadilishia fedha analijua hilo tangu zamani. Kampuni lazima iwe na shilingi zinazosubiri hapa nchini, imlipe wakala, na ishike kiwango ilichoahidi hata kama shilingi itapanda kabla mpokeaji hajaenda kuchukua. Hiyo hatari ya soko huongezeka kadiri hela inavyoongezeka, hivyo kuitoza kwa asilimia kuna mantiki.

Hoja hiyo inadhoofika pale hela inapoingia kwenye simu ndani ya dakika chache, kwa kuwa hakuna muda wa soko kugeuka. Tena gharama ya kuhudumia muamala wa dola 1,000 haizidi sana ile ya dola 50, ilhali faida ya kwenye kiwango inaongezeka mara ishirini.

Lakini kuna jambo ambalo wanaopinga faida hii hulipita haraka: mtumaji wa kiasi kidogo hunufaika nayo. Chukua kampuni ya pili, ya mfano, inayotoza ada ya dola 4 na kubadilisha kwa 2,590. Mdogo wako akitoa dola 50 mfukoni, hapo zinabadilishwa 46 na unapata 119,140. Kampuni ya "ada sifuri" inakupa 126,000. Akitoa 200, ya pili inakupa 507,640, yaani imeizidi ya kwanza kwa 3,640 tu. Akitoa 1,000 za ada ya shule, ya pili inaleta 2,579,640 na ya kwanza 2,520,000. Hapo pengo ni karibu shilingi 60,000. Kampuni hizi mbili zinalingana kwenye dola 148. Chini ya hapo "ada sifuri" ni nafuu, juu yake ni ghali. Kwa hiyo hakuna kampuni ya kuiita nafuu kabla ya kujua anatuma kiasi gani kwa mkupuo.

Linaloniudhi mimi ni maandishi. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika Oktoba 2013 inamlazimisha mtoa huduma aoneshe ada, kiwango na kiasi cha kupokea kabla mteja hajalipa, na hilo ni jema. Haimlazimishi aseme kiwango chake kiko mbali kiasi gani na cha soko. Ndiyo maana tangazo la "ada sifuri" linaweza kukaa juu ya risiti iliyogharimu 16,000 bila kuvunja kanuni hiyo. Kuandika pengo hilo kunawezekana: kwa kanuni ya mwaka 2019, Umoja wa Ulaya uliwataka watoa huduma za kadi ndani ya Umoja waoneshe gharama ya kubadilisha fedha kama asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Mtumaji anayeona 3.08 kwenye risiti angeuliza maswali mwenyewe.

Kuna makato mengine ambayo watu huyachanganya na haya. Ya kwanza ni ya kutolea. Ukienda kwa wakala pale Mbuyuni ukapewa pungufu ya kilichoingia kwenye simu, hayo ni makato ya mtandao wa simu na ya nchi, hayahusiani na kiwango. Ndiyo maana ya kumwambia mdogo wako "weka na ya kutolea". Ya pili ni ya waliotumiwa dola kupitia benki: benki ya kati inaweza kukata chake njiani, halafu benki yako ikabadilisha kwa kiwango chake yenyewe. Risiti ya mtumaji haitaonesha kiwango hicho. Omba benki yako ikupe hati ya mapokezi. Na tangu Januari 2026, anayelipa taslimu Marekani anatozwa kodi ya 1% ya kiasi anachotuma, na hiyo ni juu ya ada na kiwango.

Pakiwa na kosa la kweli, mfano Total to Recipient inasema 504,000 na simu imeingiza 490,000, anayedai ni mdogo wako kule, maana mkataba ni wake. Ana siku 180 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwamba hela itapatikana. Risiti inaweza kuwa na onyo kwamba mpokeaji huenda akapata pungufu kwa sababu ya makato ya benki yake au kodi za nchini kwake. Asome hilo kwanza. Kwa kiwango kibaya hana dai, kwa kuwa alioneshwa 2,520 kabla ya kulipa. Hapo nafasi yake ni kabla ya kutuma: afungue kampuni mbili, kila moja aiwekee jumla ileile ya dola atakazotoa mfukoni, kisha aangalie ipi inaleta shilingi nyingi zaidi.