Kati ya nadharia hizi tatu za kwanta, moja tu imekubali kupanda mzani

Wiki iliyopita niliomba unywele mmoja kwa binti anayekaa dawati la mbele, nikaubandika kwa selotepu kwenye mdomo wa taa ya leza nyekundu, hizi ndogo zinazouzwa Soko la Majengo watoto wakachezea. Jua la Dodoma saa saba mchana halina huruma, kwa hiyo tuliziba madirisha kwa kanga mbili na maboksi. Ukuta ulikuwa mita nne mbele. Badala ya kivuli cha unywele tukaona mabaka ya mwanga yamejipanga mstari, na kati yake giza, kila baka likiachana na jirani yake kwa sentimita tatu na kitu. Ukijua umbali huo na rangi ya mwanga unaweza kupiga hesabu ya unene wa unywele. Sisi tulipata milimita 0.07.

Nikawaambia kwamba jambo la aina hiyo hutokea hata kwa elektroni zikipita kando ya uzi mwembamba, tena zikirushwa moja moja. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa maabara ya Hitachi, Japani, walifanya hivyo. Kila elektroni iliacha nukta moja tu kwenye kioo cha kupokelea. Nukta chache za mwanzo zilionekana kama mchele uliomwagika. Zilipofika maelfu, mistari ya mawimbi ikajitokeza.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa mwalimu, ile elektroni moja ilipita upande gani?"

Nikajibu kwamba kuna majibu matatu makubwa. Akauliza tena, "Na lipi ndilo la kweli?" Kengele ikaniokoa, lakini swali nikarudi nalo nyumbani.

Hesabu ya kwanta, fizikia ya vitu vidogo mno, inasema elektroni ina wimbi, na wimbi hilo linapita pande zote mbili. Linatembea kwa kufuata mlinganyo wa Schrödinger, na hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye kioo: wimbi limetanda kote, nukta imetokea mahali pamoja. Vitabu vingi vya shule vinasema "ukipima, wimbi linaporomoka" kisha vinafungua sura nyingine, bila kueleza kupima ni kitu gani hasa.

Hugh Everett, katika tasnifu yake ya mwaka 1957 kule Princeton, alisema wimbi haliporomoki kamwe. Kioo nacho kina wimbi lake, na mwalimu anayekitazama pia. Kila matokeo yanatokea, kila moja kwenye tawi lake, na matawi hayo hayasikilizani tena. Hayo ndiyo malimwengu mengi. Louis de Broglie mwaka 1927, kisha David Bohm mwaka 1952, walishika njia nyingine: wimbi lipo, na chembe nayo ipo, ina mahali pake muda wote. Chembe inapita upande mmoja tu, ila wimbi lililopita pande zote mbili ndilo linaloiongoza, kama maji ya korongo yanavyobeba kijiti. Hilo ndilo wimbi kiongozi. Wa tatu ni Ghirardi, Rimini na Weber, Waitaliano, mwaka 1986. Wao walikubali kwamba wimbi linaporomoka kweli, lenyewe, bila mpimaji, kwa kubahatisha.

Watu huziweka zote tatu kwenye kapu moja linaloitwa "tafsiri", na hapo ndipo ninapopinga. Malimwengu mengi na wimbi kiongozi wanatumia mlinganyo uleule, bila kuubadilisha hata nukta. Bohm anaongeza chembe na kanuni ya mwendo wake, na akianza na mtawanyiko wa chembe unaolingana na wimbi, kila namba ya maabara inatoka sawasawa na ya kawaida. Hao ni pacha. Ukileta kipimo chochote tunachoweza kukifanya leo, watajibu kwa sauti moja. Waitaliano wale waliubadilisha mlinganyo wenyewe. Hiyo si tafsiri tena, ni nadharia nyingine, na inaweza kushindwa.

Kitu wanachoshirikiana wote watatu ni kwamba wimbi ni kitu halisi, si daftari la mambo tusiyoyajua, na kwamba akili ya mtu haina kazi yoyote maalumu kwenye kupima. Ninasisitiza hili kwa sababu kila mwezi mtu ananitumia video ya mhubiri wa mafanikio anayedai fizikia ya kwanta imethibitisha kwamba ukiwaza gari utapata gari.

Wengine wataniambia kwamba Nobeli ya mwaka 2022, waliyopewa Aspect, Clauser na Zeilinger kwa majaribio ya kanuni ya Bell, ilishamaliza kesi. Haikumaliza. Majaribio yale yalifunga njia kwa yeyote anayetaka kila chembe ibebe majibu yake mfukoni bila kuguswa na yanayotokea mbali. Bohm hakutaka hivyo. Kwake chembe ya hapa inaguswa papo hapo na kipimo cha kule, naye analisema waziwazi. Nadharia ya mporomoko nayo inakubali mguso wa mbali. Everett anapenya mlango mwingine, kwa sababu hesabu ya Bell inachukulia kwamba kila kipimo kina jibu moja tu. Wote watatu wametoka salama.

Basi tuwashike hao wa mporomoko, maana ndio wenye namba. Walipendekeza kwamba kila protoni au nyutroni hupigwa na mporomoko mara moja kwa wastani wa sekunde 10^16, yaani kama miaka milioni 300. Ikipigwa, wimbi lake linabanwa kwenye upana wa mita 10^-7, sehemu ya elfu kumi ya milimita. Kwa chembe moja huwezi kuona kitu, utasubiri ufe na wajukuu wafe.

Sasa chukua punje ya mtama. Ina uzito wa kama miligramu 30, na ndani yake kuna protoni na nyutroni zipatazo 2 × 10^22. Gawanya kwa 10^16: mapigo milioni mbili kila sekunde. Na hizo chembe zimeungana kama ng'ombe waliofungwa kamba moja, ukimvuta mmoja wote wanafuata. Pigo moja linatosha kuiweka punje nzima mahali pamoja. Kwa hiyo punje, kwa wastani, haiwezi kuwa sehemu mbili kwa zaidi ya nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, lakini elektroni ya Tonomura inabaki huru. Kwa namba mbili tu wameeleza kwa nini maabara ni ya ajabu na soko ni la kawaida. Mimi nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza nilisimama nikazunguka meza.

Kati ya elektroni na punje ya mtama kuna mahali ambapo mawimbi yanapaswa kuanza kufa. Huko ndiko wanafizikia wa Vienna, Austria, wanakoelekea. Mwaka 2019 walipitisha molekuli kubwa, nyingine zenye atomi karibu 2,000 na uzito unaopita protoni 25,000, kwenye chombo cha urefu wa mita mbili. Mistari ya mawimbi ikaonekana. Je, Waitaliano wameshindwa? Tupige hesabu. Elfu 25 gawanya kwa 10^16 ni mapigo 2.5 × 10^-12 kwa sekunde, na safari yenyewe haifiki hata sehemu ya hamsini ya sekunde. Kwa namba za mwaka 1986, molekuli zile zilikuwa na haki ya kupita bila kuguswa. Jaribio lile kubwa lote halikuwakwaruza.

Na tuseme kesho mistari ifutike. Usishangilie haraka, kwa sababu hewa nayo inafuta mistari. Molekuli ikigongwa na chembe moja ya gesi iliyobaki kwenye chombo, taarifa ya njia iliyopita imevuja na mawimbi yamekufa, bila mporomoko wowote wa kweli. Everett na Bohm wanalieleza hilo vizuri tu. Dawa yake ni kucheza na sababu zenyewe. Vienna walifanya hivyo mwaka 2003 kwa molekuli za kaboni 70: waliongeza gesi kidogo kidogo, na mistari ikafifia kwa kiasi kilekile hesabu ilichotabiri. Ukishajua mkondo huo, unashusha gesi, unashusha joto, unatuliza mtikisiko, kisha unaangalia kama kuna ufifiaji unaogoma kupungua. Huo mgomo ndio alama ya mporomoko. Mpaka leo hakuna aliyeuonyesha.

Njia nyingine haihitaji mawimbi kabisa. Chembe inayopigwa inatikisika, na chembe yenye chaji ikitikisika inatoa mionzi kidogo. Watafiti wakaenda chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, wakiwa na mwamba wa mita 1,400 juu ya vichwa vyao kuzuia mionzi ya angani, wakaweka kipimo cha elementi safi ya jerimani wakasubiri miali ya eksirei au gama isiyo na maelezo mengine. Mwaka 2020 walitangaza kwamba toleo rahisi kuliko yote la wazo la Diósi na Penrose, linalosema mvuto ndio unaoporomosha wimbi, haliwezi kusimama. Mionzi ingeonekana, na haikuonekana ya kutosha.

Mtu anaweza kusema wenye nadharia watapunguza tu kasi ya mapigo kila wakibanwa. Watapunguza, ila si bila mwisho. Wakizidi, vitu vya kawaida navyo vitabaki sehemu mbili, na nadharia itakuwa haina kazi. Stephen Adler mwaka 2007 aliuliza mporomoko unapaswa uwe umeshakamilika wapi, akasema: kwenye punje za madini ya fedha ndani ya filamu ya picha, hata kabla haijasafishwa. Hilo lilihitaji kasi zaidi ya mara milioni 100 ya ile ya 1986, na kasi hiyo, katika umbo lake rahisi, eksirei zimeshaikataa. Ni jiliwa la fundi: taya moja inabanwa na vipimo, nyingine na akili ya kawaida, na nafasi katikati inapungua. Namba za mwaka 1986 zilikaa ndani ya hiyo nafasi kwa miaka mingi.

Kuhusu kuwatenganisha wale pacha, nimekutana na mawazo mawili yenye uzito. David Deutsch mwaka 1985 alieleza jaribio la kompyuta ya kwanta inayofikiri, inayopima kitu, inakiri kwamba imepata jibu moja, kisha kipimo chote kinarudishwa nyuma hadi mawimbi yakutane tena. Lakini ukilitazama vizuri linamnasa mtu wa mporomoko, si Bohm, maana wimbi la Bohm nalo haliporomoki. Antony Valentini anasema chembe za Bohm huenda hazikuanza ulimwengu zikiwa zimetulia kwenye mtawanyiko wa kawaida. Tukipata masalia yasiyotulia, namba zitatofautiana na za Everett, na hata ujumbe ungeweza kuupita mwanga. Masalia hayo hayajapatikana.

Jumatatu nilimweleza yule kijana haya yote ubaoni, kasoro hesabu ya Adler. Akafikiri, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, mbili zinasubiri moja ife ndipo zianze kugombana." Mwalimu wa hisabati aliyekuwa anasubiri kipindi chake mlangoni akacheka, akaniwekea dau la kreti ya soda kwamba mporomoko utaonekana kabla hajastaafu. Nimelipokea. Amebakiza miaka kumi na moja.