Fundi anataka kuunganisha B- na P-: tumsikilize, kisha tupime

"Betri yangu ya sola ni ya lithiamu, LiFePO4 ya 12.8 V, 100 Ah, seli nne ndani ya kasha moja. Zamani ilinifikisha asubuhi. Siku hizi ikifika saa nne usiku friji na taa vinazimika kwa mkupuo. Fundi amefungua kasha akapima seli zote kwa pamoja, mita ikasoma 12.6 V. Anasema betri ni nzima, BMS, ule ubao wa kulinda seli, ndiyo inayokata bure, na anataka afunge waya mnene kutoka B- hadi P- ili umeme upite moja kwa moja. Nimkubalie?"

Hapana, usimkubalie. Lakini usimwone fundi wako kuwa mwongo. Mita yake imesoma kweli, na akifunga waya huo taa zitawaka usiku kucha, kwa hiyo utaona kama amekutibia tatizo. Alichokosea ni kimoja: amepima jumla, wakati BMS haikati kwa kuangalia jumla.

Tazama ule ubao ulio ndani ya kasha. Mbali na nyaya mbili nene, B- inayotoka upande hasi wa seli na P- inayokwenda nje kwenye mzigo na chaja, kuna nyaya tano nyembamba zinazokwenda kwenye nguzo za seli. Kwa hizo BMS inasoma kila seli peke yake, usiku na mchana. Kwa betri za aina yako, bao nyingi hukata matumizi seli yoyote ikishuka hadi volti 2.5, na hukata chaji seli yoyote ikipanda hadi kama 3.65. Seli moja tu ikigusa mpaka, betri nzima inasimamishwa.

Sasa fikiria saa nne usiku. Seli tatu zina volti 3.2 kila moja, ya nne imeshuka hadi 2.5. Jumla ni 12.1, namba ambayo mtu yeyote angeiona na kusema bado kuna umeme. BMS imeiona ile ya nne, imekata. Mzigo ukishaondoka seli hupumua: tatu zinapanda hadi 3.25, ile dhaifu inarudi hadi 2.85, na fundi akija na mita yake anapata 12.6 kamili. Kipimo hicho ni sahihi, ila hakisemi lolote kuhusu seli iliyosababisha kukatwa.

Mazoea ya fundi yana asili yake. Miaka mingi tumetumia betri za asidi, zenye seli sita, bila ubao wowote, na zimefanya kazi. Sababu ni kwamba seli ya asidi ikijaa kabla ya wenzake, umeme unaozidi hugeuza maji yake kuwa gesi. Inachemka kidogo, inapoteza maji, lakini inauruhusu umeme upite hadi nyingine zifike. Ndiyo maana tulikuwa tukiongeza maji ya betri. Seli ya lithiamu haina tundu kama hilo la kupumulia. Ikishajaa, kila unachoongeza kinapandisha volti yake na kuanza kuharibu majimaji yaliyo ndani. Aliyejifunza kwenye asidi ana haki ya kushangaa kwa nini hii inahitaji mlinzi.

Kuna hoja nyingine ya upande wake ambayo ni nzito zaidi: wapo wanaotumia lithiamu bila BMS na hawaunguzi kitu. Betri nyingi za droni za kujiundia zina hali hiyo. Lakini angalia plagi yake ndogo nyeupe ya pembeni. Ile inaingia kwenye chaja, na chaja ndiyo inayosoma seli moja moja na kuzisawazisha, huku mwenyewe amekaa pale pale. Ulinzi haukuondolewa, umehamishiwa kwenye chaja na kwa mtu. Kwako nani atakuwa macho saa tisa usiku?

Tufuate basi huo waya unafanya nini hasa. Ukishaunganisha B- na P-, BMS bado inasoma seli, huenda hata inaendelea kusawazisha, lakini haina tena uwezo wa kukata. Jicho limebaki, mkono umeondolewa. Usiku wa kwanza inverta yako inaendelea hadi ione kiwango chake cha chini, tuseme 10.5 V. Seli tatu nzuri bado ziko 3.15, jumla yake 9.45. Iliyobaki kwa seli ya nne ni 1.05 tu, na inverta haijui. Mzigo ukiwa mkubwa zaidi usiku mwingine, seli hiyo inafika sifuri na wenzake wanaanza kuisukuma kinyume. Hapo shaba inayobeba umeme upande wake hasi huanza kuyeyuka, na ukichaji tena inaganda mahali pasipo pake, ikaweza kujenga shoti ndani ya seli yenyewe.

Hilo ni la usiku. Kuna la mchana ambalo mafundi wengi hulisahau, kwa kuwa mteja amelalamikia giza tu. Chaji nayo inapita P-. Waya ule ule unaondoa kinga ya asubuhi. Kontrola ya sola imewekwa 14.6 V. Kama kuna seli iliyotangulia wenzake, inafika 3.65 wakati jumla bado ni kama 13.8. BMS ingekata hapo. Bila BMS kontrola inaendelea kusukuma kuitafuta 14.6 yake. Seli tatu zikiwa 3.4, zinachukua 10.2, na ile ya kwanza inabebeshwa volti 4.4. Hii kemia haiwaki kwa urahisi kama lithiamu za simu, hilo ni kweli na ni faida yake kubwa, lakini kwa volti hizo inatoa gesi, inavimba, na gesi yenyewe inashika moto. Nimeshika seli iliyovimba hivyo. Ilikuwa imetuna katikati kama mto, na bamba la kasha lilikuwa limepinda.

Hata hivyo BMS nayo inaweza kuharibika kweli, na hapa ndipo fundi anastahili nafasi. Ikikaribia kukata, mzigo ukiwa bado unavuta, pima kila seli kwa mita kwenye nguzo zake, kisha linganisha na namba za BMS kama ina skrini au programu ya simu. Kama BMS inasema seli ya tatu ina 2.5 na mita inasema 3.2, basi ubao au mojawapo ya zile nyaya nyembamba ndiyo mbaya, na fundi alikuwa sahihi. Pima pia kati ya B- na P- umeme unapopita: inatakiwa uone milivolti chache au makumi kadhaa tu. Ukiona nusu volti, ubao unazuia mzigo na utakuwa wa moto. Lakini dawa ya ubao mbovu ni ubao mpya. Kwa kawaida swichi zake zikifa hubaki zimefunguka njia, hazikati tena, na hapo ndipo unapoishi bila kinga bila kujua.

Kwa dalili ulizotoa, mimi nadhani BMS yako ni nzima. Swali linalobaki ni kwa nini seli moja inatangulia, na jibu lake linahitaji namba nane tu. Kesho saa tatu na nusu usiku, taa na friji vikiwa vimewashwa, pima seli moja moja uandike. Kisha mchana, betri inapokaribia kujaa, pima tena zile nne. Kabla ya hapo visha spana utepe wa umeme hadi ibaki ncha tu, kwa sababu spana ikiangukia nguzo mbili za betri hii inageuka kaa la moto mkononi.

Ukikuta seli inayotangulia kuisha usiku ndiyo hiyo hiyo inayotangulia kujaa mchana, imechoka: ndoo yake ni ndogo kuliko za wenzake. Hakuna kusawazisha kutakakoikuza, inabidi ibadilishwe. Ukikuta inayojaa kwanza ni moja na inayoisha kwanza ni nyingine, hizo zote zinaweza kuwa nzima, ila zimeachana viwango vya chaji. Na kama moja inashuka ghafla kila friji inapowaka kisha inarudi papo hapo, kaza nati kwanza. Kiungo kilicholegea huifanya seli nzuri isomeke kama mgonjwa, nami ningeanza na hilo kabla ya kununua chochote.

Tuseme ni la kuachana viwango. Utaniuliza: si BMS inasawazisha yenyewe? Inasawazisha, kwa njia ya polepole mno. Seli iliyotangulia inafungiwa kizuizi kidogo kinachougeuza umeme wake kuwa joto, na kwa bao za kawaida ni kama miliampea 60. Tena hufanya hivyo karibu na kujaa tu, kwa sababu kemia hii hukaa kwenye 3.2 hadi 3.3 karibu safari nzima, na katikati hapo volti haiwezi kukuambia nani ana zaidi. Kama seli moja imewatangulia wenzake kwa ampea-saa 5, na betri yako inakaa kileleni saa moja kwa siku, basi inapungua ampea-saa 0.06 kila siku. Gawanya: siku 83. Na siku za mawingu isipofika kileleni, hakipungui kitu. Kwa hiyo wanaosema BMS ya bei nafuu haisawazishi wana ukweli wao. Inaweza kuzuia mwachano usikue, ila haiwezi kuufuta uliokwisha kuwa mkubwa.

Mfanye fundi aisaidie. Acha betri ichaji hadi BMS ikate, tafuta seli iliyofika juu, uiwekee peke yake kizuizi cha omu 1 cha wati 25. Kitavuta kama ampea 3.3 na kupata moto sana, kwa hiyo kikae juu ya kigae, mbali na nyaya. Baada ya nusu saa kitoe, chaji tena, uone pengo limepungua kiasi gani. Rudia bila haraka. Mwachano wa ampea-saa 5 unahitaji jumla ya saa moja na nusu hivi.

Ikishakaa sawa, badilisha mipangilio miwili. Shusha kontrola ya sola hadi 14.2 V, kisha pandisha kiwango cha inverta kukata hadi 12.0 V. Hapo inverta itakuwa inazima mapema kwa kengele yake, na BMS itabaki kukata siku ambayo kitu kingine kimeshindwa. Ukiona tena inakata kabla ya inverta kulia, chukua mita urudie zile namba nane.