Jazi ilianza uwanjani, si jukwaani

Mzee wa muziki akikuambia neno fulani wamelisema tangu zamani, msikilize kwa heshima, ila usiandike tarehe kwa kumbukumbu yake. Neno la mtaani ambalo kamusi haikulidaka halina cheti cha kuzaliwa. Linatafutiwa karatasi iliyoandikwa siku zile zile lilipokuwa likisemwa.

Tazama jazi, neno tulilolibandika kwenye majina ya bendi zetu kuanzia Dar hadi Morogoro. Wanamuziki wa New Orleans, mji wa Marekani unaotajwa kuwa chimbuko la muziki huo, walikuja kusimulia kwamba wao walikuwa nalo zamani sana. Kumbe magazeti yanasema mengine. Tarehe 2 Aprili 1912, Los Angeles Times lilimnukuu Ben Henderson, mrushaji wa timu ya besiboli ya Portland, akitamba kwamba ana mpira anaouita jazi kwa sababu unayumba hewani na mpigaji hauwezi. Habari hiyo ilikuja kufukuliwa mwaka 2003. Mwaka 1913 gazeti la San Francisco Bulletin likalitumia tena kwenye habari za besiboli, safari hii kwa maana ya ari na uchangamfu. Mwaka 1915 ndipo tunalikuta Chicago, likitaja muziki.

Mimi kinachonishawishi kuliko tarehe zenyewe ni kwamba Henderson analieleza neno lake, na Bulletin nalo liliandika makala nzima kulifafanua. Mwandishi hahangaiki kufafanua neno ambalo wasomaji wake wanalisema kila siku.

Nyimbo na santuri ndizo zenye mtego. Kwa miaka mingi kamusi kubwa ziliweka jazi mwaka 1909, kwa ushahidi wa santuri ya mchekeshaji Cal Stewart. Kweli alirekodi kichekesho hicho mwaka huo, lakini alikirekodi upya mwaka 1919, na neno jazi limo kwenye santuri ya pili tu. Mtu alichukua maneno ya toleo jipya akayapa tarehe ya toleo la kwanza. Kwa hiyo kusoma mashairi yaliyochapwa hakutoshi. Isikilize santuri yenyewe, ukijua ni rekodi ya mara ya ngapi, maana msanii hubadilisha maneno kila anaporudia.

Barua nazipenda zaidi, kwa kuwa watu huandikiana karibu na wanavyoongea. Lakini barua iliyochapwa kitabuni miaka arobaini baadaye huenda imesafishwa na mhariri, kwa hiyo omba kuona mwandiko wenyewe, na muhuri wa posta kama bahasha ipo.

Hata hivyo 1912 si mwaka wa kuzaliwa kwa jazi. Ni mwaka ambao tuna hakika lilikuwa limeshazaliwa. Kesho mtu akikuta gazeti la 1911 tutafuta na kuandika upya, na nadhani atalikuta kwenye kurasa za michezo.