Sasisho limekula betri

Inaudhi sana. Simu iliyokuwa ikifika jioni na chaji, baada ya sasisho la usiku inazima kabla ya adhuhuri, na ujumbe wa sasisho uliahidi "maboresho". Maboresho gani haya yanayonifunga kwenye soketi?

Siku moja mbili za mwanzo nazivumilia. Baada ya sasisho kubwa, Android huziandaa upya programu zote, na programu ya picha inaweza kuanza kuzipanga upya. Kazi hiyo hula chaji, kisha huisha. Lakini siku ya nne simu bado ina joto mfukoni, kioo kimezimwa!

Nikafungua Mipangilio, Betri, kisha matumizi ya betri. Usiangalie asilimia peke yake. Bonyeza jina la programu usome muda. Programu yangu ya hali ya hewa ilikuwa imetumika dakika tatu kwenye kioo, na saa sita chinichini. Saa sita! Kwenye ruhusa nikakuta inasoma mahali nilipo muda wote, ilhali mimi niliiruhusu inapotumika tu.

Nimerudisha ruhusa ile, nikazuia matumizi yake ya chinichini, nikawasha simu upya. Joto limekwisha. WhatsApp sijaigusa, maana ukiizuia hivyo ujumbe huchelewa.

Kinachonikera ni hiki: mpangilio niliouchagua mwenyewe umebadilika, na hakuna aliyeniarifu. Watengenezaji, kama sasisho linagusa ruhusa zetu, tuonyesheni orodha simu inapowaka.