Aya inayosimulia na aya inayopima

"Umeeleza tu, hujatathmini." Mwanafunzi wa masoko akikuta maneno haya pembeni mwa insha yake, mara nyingi huenda kuongeza vivumishi: mkakati unakuwa "bora", tangazo linakuwa "lenye mvuto". Hapo bado hajapima kitu.

Tuchukue aya hii:

"Aprili 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake kikuu. Kabla ya hapo ilikuwa imewaonjesha watu wapatao 200,000, na wengi walipendelea ladha mpya. Wateja walilalamika, na Julai ladha ya zamani ikarudishwa."

Yote ni kweli, lakini msomaji hajui mwandishi anafikiri nini. Jaribio la kwanza la kuirekebisha huwa ni kumalizia hivi: "Uamuzi ulikuwa mbaya kwa sababu wateja waliukataa." Inasikika kama hukumu, kumbe ni matokeo yaleyale yamerudiwa. Baada ya mambo kuharibika kila mtu anajua kuwa yameharibika. Kinachotakiwa ni kipimo: je, ushahidi waliokuwa nao siku ile ulitosha kubeba uamuzi walioufanya?

Kwa kipimo hicho aya inaendelea:

"Sampuli ilikuwa kubwa, lakini ukubwa hauponyi swali lisilolingana na uamuzi. Kuonja hupima ladha. Uamuzi ulihusu kuondoa sokoni kinywaji ambacho watu walikuwa wamekihusisha na maisha yao kwa miongo mingi. Hivyo matokeo yaliweza kuhalalisha kuongeza kinywaji kipya, si kufuta cha zamani. Hata hivyo, kuuza vyote viwili kungeweza kugawanya wateja walewale, wakati Pepsi ilikuwa ikizidi kuibana kampuni hiyo sokoni. Kosa halikuwa kutaka mabadiliko bali kuchukulia upendeleo wa ladha kama kibali cha kuondoa kinywaji cha zamani."

Angalia kazi ya "hata hivyo". Bila upande ule wa pili, aya ingekuwa mashtaka tu. Nayo "hivyo" inaonyesha ushahidi unafika wapi na unaishia wapi, jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha tathmini.

Lakini wanaodharau maelezo nao hukosea. Ondoa ile idadi ya walioonja, na hoja ya sampuli inakosa pa kusimama. Mimi hupima sentensi ya maelezo kwa kuuliza kama kuna hukumu inayoitumia. Mwezi wa Julai, kwa mfano, haukutumiwa popote katika tathmini yetu; unaweza kufutwa bila hasara. Na sehemu inayochora hali ya soko mwanzoni mwa insha ina haki ya kusimulia zaidi, ilimradi kila kilichosimuliwa kiitwe kazini baadaye.

Ugumu halisi huja pale kisa kinapokuwa na takwimu chache. Kutathmini kwa nguvu hapo ni kubuni. Afadhali kuandika "huenda", kisha kutaja ni taarifa gani ingebadilisha hukumu yako.