Wiki za pepa na chuma: kuacha kabisa au kupunguza?

"Kaka, pepa zinaanza jumatatu, ziko sita ndani ya wiki mbili, nalala masaa manne au matano tu, na jimu naenda siku tano kwa wiki. Niache kabisa mpaka nimalize au nikomae hivyo hivyo? Naogopa mwili utashuka."

Mdogo wangu, nianze na hiyo hofu ya mwili kushuka maana ndo inayowafanya wengi wachague vibaya. Ukikaa wiki nzima hujagusa chuma na kula kwenyewe ni kwa kuokoteza, utajiona kwenye kioo umekuwa bapa, mkono umelegea, mizani imeshuka hata kilo moja na nusu, na utaapa msuli umeondoka. Haujaondoka. Msuli unatunza wanga ndani yake, na kila gramu ya wanga inakaa na maji karibu gramu tatu, sasa ukipunguza mazoezi na msosi ile akiba inapungua na maji yanaondoka nayo. Ukirudi kula vizuri na kunyanyua, siku chache tu umejaa tena. Kuna utafiti wa Japani ulichapishwa 2013, watu walipiga benchi kwa miezi sita, kundi moja bila kupumzika, lingine wiki sita kazi halafu wiki tatu hawagusi kitu kisha wanarudi, na mwisho wa miezi sita makundi yote mawili yalikuwa yamefika karibu pale pale. Kwa hiyo anayekwambia uache kabisa kwa hizo wiki mbili hana hoja mbaya, tena ana hoja nzuri kuliko watu wa jimu wanavyopenda kukubali.

Na hajamaliza. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin waliwapa wanafunzi zoezi zito la miguu kisha wakawafuatilia siku nne, wale wenye msongo mkubwa wa maisha nguvu zao zilirudi taratibu kuliko wenye msongo mdogo. Yaani skwati ile ile uliyozoea kupona kwa siku mbili, wiki ya pepa inaweza kukukalia siku tatu au nne. Ongeza na muda, daladala kwenda, kusubiri benchi, kuoga, kurudi, masaa mawili na nusu yamekwisha, na mara nyingi hayo masaa huyatoi kwenye kusoma maana pepa inakutisha, unayatoa kwenye kulala.

Hapo kwenye kulala ndo penyewe. Utafiti wa Chicago wa 2010 uliwaweka watu wazima wanene kwenye diet kwa wiki mbili mbili, kipindi kimoja wanapewa masaa 8 na nusu ya kitandani, kipindi kingine masaa 5 na nusu, msosi ule ule. Kilo zilizopungua zililingana, ila walipobanwa usingizi walipoteza mafuta kidogo na nyama ya mwili nyingi zaidi. Wewe sio mnene na hauko kwenye diet, lakini bumu limeisha, unakula mara moja na nusu kwa siku, unalala masaa manne, hali inafanana kuliko unavyodhani. Kinachokula msuli wiki za mitihani ni njaa na kukesha, sio kukosa jimu, kwa hiyo kujikokota jimu saa nne usiku ukiwa umekunywa enaji mbili ili "usishuke" kunaleta hasa kile unachokikimbia, maana nusu ya kafeini ile bado iko kwenye damu masaa matano baadaye na usingizi wenyewe unakuwa mwepesi.

Sasa kwa nini sikwambii uache? Kwa sababu kubaki na nguvu ni rahisi sana kuliko kuzijenga, na faida nyingine za kunyanyua zinakufaa sana kipindi hiki hiki. Utafiti wa Alabama wa 2011 ulijenga watu kwa wiki 16, siku tatu kwa wiki, kisha ukawapunguzia mpaka sehemu moja ya tisa ya kazi ile, yaani siku moja kwa wiki badala ya tatu na seti moja badala ya tatu, na vijana walibaki na ukubwa wa msuli na nguvu kwa miezi zaidi ya saba. Sehemu moja ya tisa! Ukipata dakika 40 za chuma mchana unalala mapema na wasiwasi unashuka kwa masaa kadhaa, na pepa zikiisha hurudi na yale maumivu ya misuli ya mtu anayeanza upya ambayo yanakulaza siku tatu.

Kwa hiyo mimi nasimama hapa: punguza seti sana, uzito gusa kidogo tu. Wengi wanafanya kinyume, wanabeba vyepesi halafu marudio mengi mengi, hiyo inachosha zaidi na ndo inayoleta maumivu, wakati mwili unabaki na nguvu kwa kukumbushwa uzito.

Tuseme unaskwati kilo 100 kwa marudio matano na benchi 70 kwa matano, na kwa wiki unapiga kama seti 80. Wiki ya kwanza pepa ziko jumatatu, jumatano na ijumaa. Jumatatu ukitoka kwenye pepa saa sita unakula, unalala saa moja, saa kumi uko jimu. Skwati unapasha na fito tupu, 50, 70, kisha seti 2 za marudio manne kwa 90. Benchi seti 2 za marudio matano kwa 62 na nusu. Kuvuta chuma kuelekea tumboni seti 2 za nane. Ondoka. Kila seti unaacha ukiwa na marudio matatu ambayo ungeweza kuongeza, hakuna kufika mpaka chuma kikwame. Ijumaa baada ya pepa unarudia hivyo hivyo. Jumla seti 12 badala ya 80. Wiki ya pili pepa zikiwa jumanne, jumatano na jumamosi unapiga mara moja tu, jumatano jioni, maana kuna siku mbili za kupona.

Zoezi linakaa baada ya pepa, sio kabla. Jioni ya kuamkia pepa kaa mbali kabisa na dedlifti na kila kitu cha kushika kwa nguvu, kwa sababu kesho una masaa matatu ya kuandika kwa mkono na vidole vikiwa vimekaza mwandiko unaharibika na unachoka kabla ya swali la nne.

Kipimo cha siku ni ile 70 ya kupasha. Kama kawaida inapanda haraka na leo inapanda taratibu kama ndo uzito wa kazi, piga seti moja kwa kila zoezi na uende kulala. Ukiwa umelala chini ya masaa matano usiku mbili mfululizo, usiende kabisa, yale masaa mawili lala. Kizunguzungu au homa, hivyo hivyo. Msosi usitafute poda, mayai matatu, maharage, dagaa na ugali wa kutosha vinafanya kazi.

Wiki ya kwanza baada ya pepa rudi na nusu ya zile seti 80, uzito ule ule wa 90, halafu wiki inayofuata ndo ukae kwenye 100 yako.